Unene wa nondo, nafasi kati yake na mahali inapolala ndani ya zege

Mtu anayejijengea nyumba akimuuliza fundi anunue nondo gani kwa ajili ya slabu ya varanda, mara nyingi hujibiwa kwa namba moja tu: weka kumi na mbili. Namba hiyo ni unene wa nondo kwa milimita, na peke yake haimwambii mtu kama slabu itabeba mzigo au haitabeba. Ili nguvu ya nondo ijulikane, namba tatu zinahitajika kwa pamoja, yaani unene wa nondo yenyewe, nafasi kati ya nondo moja na nyingine, na umbali wa nondo kutoka kwenye uso wa zege. Kwa maoni yangu, wajenzi wengi wadogo hutumia fedha zao kwenye namba ya kwanza, hubahatisha ya pili, na huiacha ya tatu mikononi mwa vibarua wanaopita na ndoo za zege juu ya nondo siku ya kumwaga.

Ili maelezo yasielee hewani, nitatumia ujenzi mmoja mdogo wa aina inayoonekana sana pembezoni mwa miji yetu. Ni varanda ya mbele ya nyumba ya matofali, yenye urefu wa meta 7.2 na upana wa meta 3.2 ukipimwa kutoka katikati ya egemeo moja hadi katikati ya jingine. Upande wa nyuma slabu inakaa juu ya ukuta wa nyumba wenye linta, na upande wa mbele inakaa juu ya bimu inayobebwa na nguzo tatu zilizoachana kwa meta 3.6. Slabu ina unene wa milimita 150, bimu ina upana wa milimita 200 na kina cha milimita 400 pamoja na unene wa slabu, na nguzo ni za mraba wa milimita 230. Juu ya slabu watu watapanda kuanika nguo na kupumzika jioni, na ukingo wa mbele una ukuta mfupi wa tofali wa meta moja. Hesabu nitakazozitaja zimefuata kanuni za kukokotoa zege za BS 8110, ambazo Uingereza iliziweka kando rasmi mwaka 2010 na kushika zile za Ulaya, Eurocode 2, lakini wahandisi wengi wa Tanzania na Kenya walisomeshwa kwazo na bado wanazitumia kwa majengo madogo. Nimechukua nondo ngumu yenye matuta ubavuni, ya nguvu ya nyutoni 460 kwa milimita ya mraba, na zege la nguvu ya 25 kwa kipimo hichohicho.

Tuanze na slabu. Zege linastahimili sana kugandamizwa lakini ni dhaifu sana likivutwa, kwa kuwa uwezo wake wa kuvutwa ni kama sehemu ya kumi tu ya uwezo wake wa kugandamizwa. Slabu inayoegemea pande mbili ikilemewa, hupinda kuelekea chini katikati, uso wake wa juu ukagandamizwa na uso wa chini ukavutwa. Nondo huwekwa karibu na uso wa chini kwa sababu hiyo peke yake, nayo hubeba mvuto ambao zege haliwezi. Na kwa kuwa varanda yetu ina urefu unaozidi mara mbili ya upana, karibu mzigo wote husafiri kwa njia fupi, kutoka bimu ya mbele hadi ukuta wa nyuma. Nondo kuu kwa hiyo ni zile zinazolala kwa upana wa meta 3.2, si zile ndefu zinazofuata urefu wa varanda. Kosa la kuzigeuza, yaani kuweka nondo nene kwa urefu na nyembamba kwa upana, hutokea kwa sababu macho humwambia mtu kwamba upande mrefu ndio wenye shida. Chumba kinachokaribia mraba, kilichoegemea kuta nne, ni habari nyingine: huko mzigo hugawanyika pande zote, nondo za pande zote mbili huwa kuu, na zile za upande mfupi hutangulia kulala chini.

Mzigo wenyewe hukokotolewa hivi. Meta moja ya mraba ya slabu ya milimita 150 ina uzito wa kilo 360, plasta na sakafu huongeza kama kilo 120, na watu pamoja na vitu vyao hukadiriwa kilo 150 kwa matumizi ya nyumbani. Kanuni hutaka uzito wa kudumu uzidishwe kwa 1.4 na wa watu kwa 1.6 ili kuwe na akiba ya usalama, na jumla huwa karibu kilo 912, au kilonyutoni 9.12, kwa kila meta ya mraba. Nguvu ya kupinda katikati ya slabu hupatikana kwa kuzidisha mzigo huo kwa urefu wa egemeo hadi egemeo mara mbili na kugawa kwa nane, yaani 9.12 × 3.2 × 3.2 ÷ 8, sawa na kilonyutoni-meta 11.7 kwa kila meta ya upana. Nondo ikiwa imelala kiasi kwamba katikati yake iko milimita 120 chini ya uso wa juu, eneo la chuma linalohitajika ni milimita za mraba 234 hivi kwa kila meta moja ya slabu.

Hapa ndipo unene na nafasi vinapokutana. Nondo ya milimita 8 ina eneo la milimita za mraba 50, ya 10 ina 78.5, ya 12 ina 113, na ya 16 ina 201. Eneo la chuma kwa meta moja ya slabu ni eneo la nondo moja mara 1,000, kisha ugawe kwa nafasi kati ya nondo na nondo. Nondo za 10 zilizopangwa kila milimita 200 hutoa 393. Nondo za 12 zilizopangwa kila milimita 300, ile ambayo mafundi huiita futi moja moja, hutoa 377. Nondo za 8 kila milimita 125 hutoa 402. Kwa nguvu ya kupinda, mipango hii mitatu ni karibu sawa, na yote inazidi 234 tuliyoihitaji. Aliyenunua nondo za 12 na kuzitandaza futi moja moja hajajenga slabu imara zaidi ya jirani yake aliyetumia za 10 kwa sentimita 20, ingawa dukani alijisikia amenunua kitu kizito.

Tofauti iko kwenye nyufa. Zege kati ya nondo mbili hujitegemea lenyewe, na kadiri nondo zinavyoachana ndivyo ufa unaotokea hapo katikati unavyoweza kufunguka zaidi. Nondo nyembamba zilizokaribiana hugawa mvuto katika nyufa nyingi ndogo zisizoonekana, ilhali nondo nene zilizoachana huacha nyufa chache zinazoonekana na zinazopitisha maji. Kanuni huweka kikomo cha nafasi kuwa mara tatu ya kina cha nondo, yaani zile milimita 120 kutoka uso wa juu, kwa hiyo kwa slabu yetu ni milimita 360, lakini kwa slabu inayonyeshewa mvua mimi nisingependa nondo kuu zipite milimita 200. Kwa upande mwingine, hakuna faida ya kubana nondo kupita kiasi, kwa sababu kokoto ya milimita 20 lazima ipite kati yake na zege lizizunguke pande zote.

Kwa varanda hii basi, nondo kuu za 10 kila milimita 200 zinatosha kwa utulivu. Zinahitajika kama vipande 38, na nondo moja ya dukani yenye meta 12 hutoa vipande vitatu vya zaidi kidogo ya meta tatu na nusu pamoja na mikunjo ya mwisho, hivyo nondo 13 zinamaliza kazi, zenye uzito wa kilo 96 hivi. Kuzibadilisha zote kuwa za 12 kwa nafasi ileile kungefikisha kilo 139, na kilo hizo 43 za ziada zisingezuia kosa lolote kati ya yale nitakayoyaeleza hapa chini. Juu ya nondo kuu hufungwa nondo za mgawanyo kwa upande mrefu, ambazo kazi yake ni kuzishika nondo kuu mahali pake na kuzuia zege lisipasuke linapokauka na kusinyaa. Kiwango cha chini cha chuma hiki ni asilimia 0.13 ya eneo la slabu, yaani milimita za mraba 195 kwa meta, na nondo za 8 kila milimita 250 zinakitimiza.

Sasa tuje kwenye namba ya tatu, ambayo naiona kuwa ndiyo nzito kuliko zote. Hesabu yote iliyopita ilidai kwamba nondo iko milimita 120 chini ya uso wa juu. Mafundi wakizilaza nondo juu ya mbao bila vipande vya kuziinua, wakakusudia kuzivuta kwa ndoana zege likimwagwa, baadhi zitabaki zimegusa mbao na nyingine zitavutwa hadi katikati ya slabu. Nondo iliyolala katikati ina kina cha milimita 75 badala ya 120, na nguvu ya slabu hapo hushuka hadi kama asilimia 62 ya iliyokusudiwa. Hakuna unene wa nondo unaosahihisha jambo hilo kwa bei nafuu. Ile iliyogusa mbao nayo itaonekana mbao zikitolewa, na maji na hewa vitaifikia moja kwa moja.

Dawa yake ni ndogo sana kwa gharama. Siku chache kabla ya kumwaga zege, hutengenezwa vipande vya zege vya mraba wa sentimita 5 na unene wa milimita 25, kwa mchanganyiko mzuri wa saruji na mchanga, kila kimoja kikiwa na waya wa kufungia umechomoza. Hufungwa chini ya nondo kuu kila baada ya meta moja hivi, pande zote. Unene huo wa milimita 25 ndio unaoitwa kava, yaani zege linaloifunika nondo. Jiwe, kipande cha tofali au kipande cha mbao havifai kuchukua nafasi yake: tofali hunyonya maji na kuyafikisha kwenye chuma, na mbao huoza na kuacha tundu.

Pale ambapo slabu inatokeza nje bila egemeo mbele, kama kibaraza cha juu au kivuli cha dirisha, mambo hugeuka kabisa. Slabu ya aina hiyo huinama kwenye ncha yake, uso wa juu ndio unaovutwa, na nondo kuu lazima ziwe juu, zikirudi ndani ya jengo kwa urefu usiopungua ule uliotokeza na ikiwezekana mara moja na nusu yake, pamoja na uzito wa kutosha wa kuzikandamiza. Nondo za juu ndizo zinazokanyagwa kirahisi zaidi. Kibarua mmoja mwenye ndoo akisimama juu yake, zinashuka sentimita kadhaa, zege linafunika, na hakuna atakayejua hadi mbao zitakapotolewa. Kwa sababu hiyo nondo za juu huwekewa viti, yaani vipande vya nondo vilivyokunjwa vikasimama kwa miguu, na njia ya kupita huwekwa kwa mbao zilizoegemea fomu zenyewe, yaani mbao zinazoshika zege, si nondo. Mwenye nyumba asiyeweza kusimamia jambo jingine lolote siku hiyo, asimamie hili.

Bimu ya mbele ina kazi kubwa zaidi. Inapokea nusu ya mzigo wa slabu, uzito wake mwenyewe na ukuta mfupi ulio juu yake, jumla kama kilonyutoni 21 kwa kila meta baada ya kuzidisha kwa vigezo vya usalama. Kama ingekuwa kipande kimoja cha meta 3.6 juu ya nguzo mbili, nguvu ya kupinda ingekuwa kilonyutoni-meta 34, na chuma kinachohitajika chini ni milimita za mraba 236. Nondo mbili za 12 zina 226, kwa hiyo zinapungukiwa kidogo. Nondo tatu za 12 zina 339, na zinatosha. Huu ni mfano wa jinsi jibu la kawaida la mafundi, nondo mbili chini na mbili juu kama kwenye linta, linavyoweza kukosa kwa kiasi kidogo bila mtu kutambua. Linta iliyolala juu ya ukuta mzima imebebwa na ukuta wenyewe. Bimu iliyo hewani haina msaada huo.

Lakini bimu yetu haiishii kwenye nguzo ya katikati, bali inapita juu yake na kuendelea. Kila upande unapoinama katikati, bimu juu ya nguzo hiyo hujipinda kinyume, uso wake wa juu ukavutwa. Nguvu ya kupinda hapo ni ileile 34, ila sasa iko juu, ambako mafundi wengi huweka nondo mbili nyembamba za kushikilia ringi tu, yaani vyuma vilivyokunjwa kuzizunguka nondo. Bimu kama hii inahitaji nondo mbili za 12 zinazopita juu kwa urefu wote, na ya tatu ya 12 inayoongezwa juu ya nguzo ya katikati, yenye urefu wa meta 2.6, nusu upande huu na nusu upande ule. Kipande hicho kimoja ndicho ninachokitafuta kwanza ninapotazama bimu ya varanda kabla ya zege kumwagwa, kwa sababu kukosekana kwake ni jambo la kawaida na kunaonekana kwa macho bila hesabu yoyote.

Maungio ya nondo nayo hufuata mantiki hiyohiyo. Nondo mbili zinazopishana hazipitishiani nguvu kwa waya uliozifunga, bali kwa zege linalozishika zote mbili, kwa hiyo zinahitaji urefu wa kutosha wa kupishana, kati ya mara 40 na 50 ya unene wake. Kwa nondo ya 12 huo ni karibu sentimita 50 hadi 60. Kwenye bimu yetu nondo za chini zisiungwe katikati ya uwazi wa nguzo hadi nguzo, ambako mvuto ni mkubwa, bali karibu na nguzo, na za juu zisiungwe juu ya nguzo bali katikati ya uwazi. Zisiungwe zote mahali pamoja.

Ringi za bimu hazipo kwa ajili ya kushika umbo la nondo tu. Karibu na nguzo, mzigo wote wa nusu ya bimu hujaribu kuikata, na zege hupasuka kwa mshazari, kuanzia chini karibu na egemeo na kupanda kuelekea katikati kwa pembe ya kama digrii 45. Ringi ndiyo chuma pekee kinachosimama wima na kuuvuka ufa huo. Ndiyo sababu kanuni hukataza ringi kuachana zaidi ya robo tatu ya kina cha nondo: zikiachana zaidi, ufa mzima unaweza kupita kati ya ringi mbili bila kukutana na hata moja. Kina cha nondo kwenye bimu yetu ni kama milimita 355, kwa hiyo kikomo ni 266. Unene wa ringi nao una neno lake. Ringi za nondo laini za 8 zinaruhusu nafasi ya milimita 200 kwa bimu hii, lakini ringi za 6 lazima zikaribiane hadi milimita 150 ili zifikie kiwango cha chini. Fundi anayebadilisha 8 kuwa 6 kwa sababu ni rahisi kukunja, na kuacha nafasi ileile ya 200, amepunguza chuma cha ringi kwa zaidi ya asilimia 40. Kwa ringi za 8 mimi hupendelea milimita 150 kwa robo ya kwanza ya uwazi kutoka kila nguzo na 200 sehemu ya katikati.

Kuhusu nguzo, wenye nyumba wengi huingiwa na hofu isiyo mahali pake. Nguzo ya katikati inapokea kilonyutoni kama 95 kutoka kwenye bimu, karibu tani tisa na nusu. Nguzo fupi ya milimita 230 kwa 230 yenye nondo nne za 12, iliyo wima na yenye zege lililoshindiliwa vizuri, ina uwezo mara kadhaa ya huo. Kubadilisha nondo za 12 kuwa za 16 hakuongezi kitu ambacho varanda hii inakihitaji. Kinachoiua nguzo ndogo ni zege lenye matundu sehemu ya chini, nguzo iliyoinama, na ringi zilizoachana.

Nondo ya nguzo inagandamizwa pamoja na zege, na chuma chembamba kilichogandamizwa hutaka kuchomoka kwa kupinda kuelekea nje. Ringi ndizo zinazokizuia, na umbali kati yake haupaswi kuzidi mara 12 ya unene wa nondo kuu iliyo nyembamba kuliko zote. Kwa nondo za 12 kikomo ni milimita 144, kwa hiyo sentimita 14 au chini yake, na siyo sentimita 20 au 25 ambazo huonekana kwenye nguzo nyingi. Kwa nusu meta ya chini na nusu meta ya juu ya nguzo, ni vizuri zaidi zikaribiane hadi sentimita 10. Katika maeneo ya Bonde la Ufa na kuzunguka Ziwa Viktoria jambo hili lina uzito wa pekee, kwani tetemeko lililopiga Bukoba Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilionyesha kwamba ardhi yetu hutikisika. Nguzo inapotikiswa huvunjika kwanza kwenye ncha zake, na hapo zege la nje hubanduka. Ringi ambayo miisho yake imekunjwa pembe mraba tu hufunguka zege likibanduka. Miisho inapaswa kukunjwa zaidi, digrii 135, ili iingie ndani ya moyo wa nguzo, na mikunjo hiyo ibadilishane pembe kutoka ringi moja hadi nyingine.

Kava ya nguzo na bimu zilizo nje iwe milimita 30 hadi 40, na kwa nyumba za mwambao, kama Tanga, Mombasa, Unguja au Kigamboni, nisingeshuka chini ya 40. Chumvi ya bahari hupenya zege polepole hadi kwenye nondo, na kutu ikishaanza huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwa, ikalisukuma zege na kulipasua kwa ndani. Mchanga wa baharini huiweka chumvi hiyo ndani ya zege tangu siku ya kwanza, na hakuna kava itakayosaidia.

Hesabu zote hizi zinadhani pia kwamba nondo ya 12 ni ya 12. Sokoni hilo halina uhakika, na kipimo cha kushika mkononi hudanganya kwa sababu ya matuta ya ubavuni. Njia ya kuaminika ni mizani. Uzito wa meta moja ya nondo kwa kilo ni unene mara unene, ugawe kwa 162:

```
kilo kwa meta = D × D ÷ 162
```

Nondo ya 12 yenye urefu kamili wa meta 12 inapaswa kuwa na kilo 10.7 hivi, ya 10 kilo 7.4, na ya 8 kilo 4.7. Pima kwanza urefu kwa futikamba, kwani nyingine hukatwa fupi. Ikiwa nondo iliyouzwa kama ya 12 ina meta 12 na kilo 8.9, unene wake halisi ni milimita 11, na eneo lake limepungua kutoka 113 hadi karibu 94. Tatu za namna hiyo chini ya bimu yetu bado zingefikia 282 na kuvuka 236. Lakini ukiwa umekadiria kwa kubana, upungufu huo ungekula akiba yote.

Kuna mahali ambapo hesabu za varanda hii zinakoma. Slabu hii haikukadiriwa kubeba tangi la maji: lita 2,000 ni tani mbili zinazokaa juu ya eneo dogo lisilofika meta mbili za mraba, mara kadhaa ya mzigo wa watu tuliouweka. Haikukadiriwa kubeba ukuta wa tofali utakaojengwa juu yake baadaye ili kupata chumba. Nguzo na misingi yake haikukadiriwa kubeba ghorofa. Yeyote mwenye nia ya mojawapo ya mambo hayo ampe mhandisi aliyesajiliwa nia yake hiyo kabla ya kununua nondo, kwa sababu kitakachobadilika si unene wa nondo tu bali unene wa slabu na kina cha bimu pia.

Kabla ya zege kumwagwa, ukaguzi wa varanda kama hii ni kazi ya nusu saa. Nyoosha futikamba kutoka nondo kuu ya kwanza hadi ya kumi na moja: nafasi kumi za sentimita 20 lazima zifike meta mbili, na zikifika meta mbili na nusu, fundi amepunguza sehemu moja ya tano ya chuma. Ingiza kidole chini ya nondo mahali pengi, ukitazama kama zimeinuliwa kutoka kwenye mbao. Hesabu ringi kwenye meta moja ya nguzo, ambazo hazipaswi kupungua saba. Tafuta kile kipande cha juu ya nguzo ya katikati.

Baada ya mbao kutolewa, nyufa husema ni wapi palikosewa. Nyufa nyembamba zilizosambaa ovyo juu ya slabu siku ileile ya kumwaga hutokana na jua na upepo kukausha uso haraka, na nondo hazihusiki. Nyufa nyembamba kama unywele, zilizosimama wima chini ya bimu katikati ya uwazi, ni za kawaida, kwa kuwa nondo haianzi kufanya kazi kikamilifu hadi zege lipasuke kidogo. Ufa unaokatiza juu ya bimu pale kwenye nguzo ya katikati, unaoonekana juu na kufifia kuelekea chini, unaonyesha kwamba nondo ya juu imekosekana au imekanyagwa. Mistari inayofuata urefu wa nondo, yenye madoa ya rangi ya kahawia, ni kutu ya kava ndogo, nayo huja baada ya miaka. Ufa wa mshazari karibu na nguzo ni wa kuogopwa kuliko yote, kwa sababu bimu inayokatika kwa namna hiyo haitoi onyo refu. Ukiuona unapanuka, ondoa watu na mizigo juu ya slabu, irudishie bimu mirunda pande zote mbili za nguzo, na mwite mhandisi siku hiyohiyo.